Ukipiga simu Dar kuweka chumba: E yako si E yangu

Nakaa mapokezi kwenye lodji moja hapa Sinza, na simu zinazonitoa jasho ni zenu mlio ughaibuni, hasa ukisema, "Ngoja nimpe shemeji yako akutajie jina." Shemeji ni Mjerumani. Anataja jina la ukoo, Meier, herufi moja moja kama walivyomfundisha kwao: em, e, i, e, er. Mimi herufi nimezizoea kwa Kiingereza. E yake kwangu ni A, na I yake kwangu ni E. Nikaandika Maear. Walipofika usiku, mlinzi akapekua daftari weee, Meier hayumo.

Tangu siku ile sipokei herufi tupu. Kila herufi ije na neno: M ya Malawi, E ya Eritrea, I ya India, E ya Eritrea, R ya Rwanda. Natumia nchi kwa sababu Iringa na Ruvuma shemeji hazijui. Ila Ethiopia usimpe, kwa Kijerumani inaanza na A yenye nukta mbili juu. Akimaliza, mimi ndiye ninayemsomea nilichoandika. Akirudia yeye, nitalisikia kosa lilelile mara ya pili na kuliamini zaidi.

Namba za simu tutajiane tarakimu moja moja. Wajerumani 45 huisema "tano na arobaini", na wewe unayetafsiri ukiteleza kidogo inakuwa 54.

Mtego mkubwa kuliko yote lakini hauna hata Mzungu ndani yake. Tiketi inasema mnatua Jumamosi tarehe 15 Agosti 2026, saa 03:00. Ukiniambia "saa tatu Jumamosi", nitawasubiri asubuhi baada ya chai, na nyinyi mtakuwa mmeshakaa na mabegi getini saa sita nzima. Ukisema "Jumamosi saa tisa usiku", naweza kuandika usiku wa Jumamosi, yaani nimechelewa siku nzima. Sema hivi: "Saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 15." Hapo najua chumba kianze Ijumaa tarehe 14, maana usiku huo lazima ulipiwe.

Halafu tuhesabu usiku, si siku. Kuingia Ijumaa 14, kutoka Jumatatu 17: usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi, wa Jumapili. Tatu. Ukinitajia siku ya wiki, tarehe na idadi ya usiku kwa pamoja, kimoja kikikosewa vingine vitagoma kukubaliana nacho, nami nitakuuliza palepale. Mwezi nao utaje kwa jina. 8/9 Mmarekani anaisoma Agosti 9, mimi naisoma tarehe 8 Septemba.

Na anayepokea simu akikujibu "sawa, sawa, karibuni", usikate. Mwambie, "Dada, hebu nisomee ulichoandika."