Kabla lori la oili chafu halijatoka getini Mtwara

Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na lori lililobeba oili chafu hulala njiani. Kitu pekee kinachoweza kueleza baadaye kilichotokea katika safari hiyo ni hati ya ufuatiliaji wa taka: karatasi inayoanza kwa mzalishaji, ikasainiwa na msafirishaji, ikasainiwa na mpokeaji, kisha ikamrudia mzalishaji. Ninaandika kwa ajili ya anayeshika kalamu pale getini, iwe kiwanda cha kubangua korosho, gereji kubwa au kituo chenye jenereta. Ukikosea mstari mmoja pale mwanzoni, anayeumia mara nyingi ni dereva.

Nililiona hilo katika mzigo wangu wa kwanza. Tulikuwa na mapipa 12 ya oili iliyotolewa kwenye jenereta na malori. Kila mtu anajua pipa ni lita 200, kwa hiyo nikaandika kwenye hati: mapipa 12, lita 2,400. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na mpokeaji kwamba ameona karibu lita 2,090 tu. Lita 310 hazionekani! Oili chafu huku kwetu ina soko, watu wanapaka mbao na nguzo kuzuia mchwa, na dereva alikuwa amelala Nangurukuru. Kila aliyesikia alishajua moyoni nini kimetokea. Dereva alinipigia akasema, "Dada, mimi sijashusha hata pipa moja." Nilimwamini, lakini sikuwa na karatasi ya kumtetea.

Ukweli ulikuwa ndani ya mapipa yenyewe. Pipa la lita 200 halijazwi mpaka mdomoni, kwa sababu oili hutanuka kwa joto na lazima iachiwe nafasi. Mapipa yetu kumi yalikuwa na kama lita 190 kila moja, na mawili ya mwisho yalikuwa nusu, lita 95 kila moja. Jumla ni lita 2,090. Hakuna kilichoibwa. Zile lita 310 niliziumba mimi kwa kalamu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya siku ya kupakia ni kuachana na kuhesabu mapipa na kuanza kuyapima. Mzani wa jukwaani, ule wa kupimia magunia ya korosho, unatosha. Pima pipa likiwa tupu kabla halijaanza kujazwa, andika uzito huo ubavuni kwa rangi, kisha pima tena likiwa limejaa. Mapipa yetu ya chuma yalikuwa na kilo 18 yakiwa matupu. Lita moja ya oili chafu ina uzito wa karibu kilo 0.88, hivyo lita 190 ni kilo 167, na pipa lenyewe na mzigo wake ni kilo 185. Yale ya nusu yanatoka kilo 102. Mapipa yote 12 ni kilo 2,054, na ukitoa uzito wa vyuma unabaki na kilo 1,838 za oili. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye hati, na nyuma yake ibandikwe orodha: pipa namba 1 kilo ngapi, namba 2 kilo ngapi, hadi la mwisho.

Usitegemee namba ya mpokeaji ifanane na yako hadi kilo moja. Mizani mingi ya magari husoma kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo mzigo wa kilo 2,054 unaweza kusomeka 2,060. Tofauti ya namna hiyo haina neno. Kosa ni kulinganisha uzito wa lori zima Mtwara na uzito wa lori zima Dar es Salaam, maana njiani limechoma dizeli. Linganisha mzigo kwa mzigo: mpokeaji apime lori likiingia limejaa, alipime likitoka tupu.

Uzito unakueleza pia kilicho ndani. Pipa lililojazwa kama mengine lakini likasoma zaidi ya kilo 200 lina maji mengi, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili. Lita 190 za maji matupu na pipa lake zingefika kilo 208. Mvua za Mtwara, kuanzia Desemba hadi Aprili, ndizo zinazoleta tatizo hili. Pipa likisimamishwa nje, maji hutuama juu ya mfuniko. Usiku likipoa, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia kizibo hata kama unaona kimekazwa. Yaweke mapipa chini ya paa. Likishaingia maji, usiliandike tena kama oili chafu ya kawaida. Katika Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatari, kila aina ya taka ina alama yake: oili ya madini isiyofaa tena kwa kazi yake ni Y8, na mchanganyiko wa oili na maji ni Y9. Mpokeaji aliyejiandaa kwa Y8 ana haki ya kulikataa pipa la Y9, na pipa lililokataliwa ukiwa Mtwara na lenyewe likiwa Dar es Salaam ni mateso.

Vibali usiulize kwa mdomo. Omba nakala ya kibali cha msafirishaji na cha mpokeaji, usome tarehe ya mwisho na aina ya taka iliyotajwa. Wa oili hajaruhusiwa betri kwa sababu tu lori lina nafasi. Ukiwa na shaka, ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, Kanda ya Kusini ipo hapa hapa Mtwara. Peleka nakala uoneshe kabla ya kupakia.

Getini, soma namba ya gari kwenye bati lenyewe, wala si kwenye ujumbe uliotumiwa jana. Lori likiharibika Somanga na mapipa yakahamishiwa gari jingine, hati inakuwa inasimulia safari ambayo haikutokea. Mwambie dereva kabla hajaondoka: asihamishe mzigo bila kukupigia, na mkikubaliana, gari la pili nalo liwe na kibali na mabadiliko yaandikwe kwenye hati kwa saa, mahali na saini zake. Dereva na wewe hesabuni mapipa pamoja, asaini orodha ya uzito, aondoke na nakala yake. Ile saini ndiyo kinga yake.

Nakala yako usiifunge kwenye faili. Mimi huiweka juu ya meza na tarehe ya siku 14 mbele. Siku hiyo ikifika kabla nakala yenye saini ya mpokeaji haijarudi, napiga simu. Ikirudi, naangalia kilo alizoandika yeye, kwa sababu kuna wapokeaji wanaonakili namba yako bila kupima. Namba zikifanana mno, hadi kilo ya mwisho, naomba tiketi ya mzani.

Na saini ya kupokea inasema mzigo umefika tu. Mapipa yanaweza kukaa miezi kwenye ua wa mpokeaji. Kinachofunga safari ni cheti cha uteketezaji au uchakataji chenye namba ya hati yako na kilo zilizoshughulikiwa. Cheti kisichotaja namba ya hati narudisha, hata kama kina mhuri mzuri. Kilo 1,838 zilizotoka getini ndizo ninazozitafuta pale.