Adlibu: hesabu silabi kabla ya kuingia studio

Adlibu ni maneno mafupi ya waitikiaji yanayojaza pengo baada ya mwimbaji kiongozi kumaliza mstari. Chukua mstari huu: "Nilikungoja kituoni, mvua ikaninyeshea." Tuseme una mapigo 8, na mwimbaji anamaliza kwenye la 6. Kwa hiyo una mapigo 2 tu ya kuchezea. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, hiyo ni kama sekunde moja na theluthi.

Wengi hapo huandika "nililowa chapachapa". Silabi 8! Ama waitikiaji watazimeza, ama watamwagikia kwenye neno la kwanza la mstari unaofuata. Dalili yake ni rahisi: msikilizaji mpya anakuuliza, "Hapo anaanza na neno gani?"

Bakiza "chapachapa". Silabi 4, mbili kwa kila pigo, na tayari "lowa" inaeleweka kwa sababu mvua imetajwa. Tena inaanza na "ch", sauti kali inayojitenga na ile "a" ndefu ya kiongozi. Ingeanza na irabu, sauti mbili zingeungana.

Kama mstari unaofuata unaanza kabla ya pigo la kwanza, punguza tena: "chapa!" inatosha.

Mstari wa pili usijaze, wa tatu labda "eeh" ya chini. Kisha zima sauti ya kiongozi, usikilize adlibu peke yake. Ukiweza kuufuata mkasa wote bila yeye, umeandika nyingi mno. Na kama jukwaani huimbi na waitikiaji, zile unazozikosa kwa kukosa pumzi ndizo za kufuta kwanza.