Tarehe ya mwisho ya malipo iende na idadi ya watu

Ukitangaza safari ya siku moja mbugani, usiishie kuandika "mwisho wa kulipa ni Jumatano". Andika pia bei ya safari imepigiwa hesabu ya watu wangapi. Kiingilio na chakula cha mchana hulipiwa kwa kila kichwa, lakini gari, mafuta na dereva gharama yake ni ileile, wajae wasijae. Tuseme umegawa gharama ya gari kwa viti saba, kisha Jumatano usiku wamelipa watano. Sehemu mbili kati ya saba za gharama ya gari hazina mlipaji, na hapo ndipo watu huanza kuombwa nyongeza asubuhi kwenye kituo cha kuchukulia abiria. Si haki kabisa kumfanyia mteja hivyo.

Kwa hiyo tangazo liseme wazi: wasipotimia saba kufikia Jumatano, Alhamisi asubuhi kila aliyelipa atachagua kuongeza tofauti, kuhamia tarehe nyingine au kurudishiwa pesa yake yote. Malipo ya gari na viingilio uyafanye baada ya majibu hayo, kwa sababu ukishayalipa, kurudisha pesa huwa kugumu.