Somo: chuis, t'as, slt, bcp – kuusoma ujumbe wa simu wa Kifaransa

Leo tunauchambua ujumbe mmoja tu, wa kawaida kabisa kati ya marafiki:

```
slt t'es où ? chuis dvt la gare, y a bcp de monde.
jsp si Paul vient, il répond pas. tkt jt'attends. a+
```

Hatua ya 1: tenganisha mdomo na kidole. Hapa pamechanganyika vitu viwili. *T'es*, *chuis* na *y a* ndivyo watu wanavyotamka kweli, hata mwalimu wa chuo akiwa mezani kwake. *Slt*, *bcp* na *dvt* ni mikato ya kuandika tu. Ukiusoma ujumbe kwa sauti unasema *salut*, *beaucoup*, *devant*.

Hatua ya 2: fuata sauti. *Tu* humeza *u* mbele ya irabu: *tu as* huwa *t'as*, *tu es* huwa *t'es*, *tu habites* huwa *t'habites* kwa kuwa h hiyo ni bubu. Ila *je t'aime* ni jambo jingine. T' ile ni *te*, yaani "wewe" anayependwa, na imo hata kwenye Kifaransa sanifu.

*Je* ina mchezo mzuri zaidi. Kwanza hudondosha *e*, ikabaki *j'suis*. Weka vidole kooni useme j ya Kifaransa: koo linatetema. Sema s: koo limetulia. Mdomo hauna subira ya kutetema na kutulia papo hapo, kwa hiyo j hulegea ikawa *ch*, ile sh yetu, na s humezwa: *chuis*. Vivyo hivyo *je sais pas* husikika karibu na "shepa", na *je pense* huanza na "shp". Lakini *je vais* na *je veux* hubaki na j yake, kwa sababu v nayo hutetemesha koo. Anayeandika *chvais* ametunga sheria yake mwenyewe.

Ongeza mawili: *il y a* huwa *y a*, na *ne* ya kukanusha hutupwa. Ndiyo maana hapo juu ni *il répond pas*. Ukanusho wote umebebwa na *pas*.

Hatua ya 3: jaza irabu. Kwa *slt*, *bcp*, *dvt*, *dsl* (*désolé*) na *tjrs* (*toujours*), tafuta neno kwa tahajia yake, si kwa sauti. T ya *salut* na p ya *beaucoup* hazitamkwi hapa, ila kwenye mkato zimo. *Tkt* ndiyo imeasi: ni *t'inquiète*, na k imetoka kwenye sauti ya *qu*. *Jsp* ni herufi za mwanzo za *je sais pas*. *A+* ni *à plus*, na hapo s ya mwisho hutamkwa.

Sasa ujumbe wote: "Mambo, uko wapi? Niko mbele ya stesheni, watu ni wengi. Sijui kama Paul anakuja, hajibu. Usijali, nakusubiri. Baadaye."

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kigoma: Mwalimu, rafiki yangu wa Bujumbura kaniandikia *j'ai plus de crédit*. Ana vocha nyingi au imemwishia?

Jibu: Imemwishia, karibu hakika. *Ne* ikishatupwa, *plus* hubaki na maana mbili zinazopingana. Mdomoni wengi huzitenganisha: "plü" bila s ni "tena hakuna", "plüs" yenye s ni "zaidi". Kwenye maandishi s ipo kote kote, kwa hiyo angalia muktadha. Kama kaandika hivyo baada ya kukata simu katikati ya maongezi, jibu unalo. Wewe ukiandika na kuna hatari ya kueleweka vibaya, rudisha *ne*: *je n'ai plus de crédit*.

Mwanachama, Mombasa: Na *g faim* je? Kamusi haina.

Jibu: Herufi G kwa Kifaransa huitwa "zhe", ikakaribiana na *j'ai*. Kwa hiyo ni *j'ai faim*, nina njaa. *C* nayo husimama badala ya *c'est*, na *2m1* ni *demain*: *deux*, m, *un*. Mtindo huu ulivuma enzi za simu za vitufe, ujumbe ulipokuwa na kikomo cha herufi 160. Uelewe, lakini usiupende sana.

Mwanachama, Dar es Salaam: Nina wateja Lubumbashi, tunaandikiana WhatsApp. Naweza kuwaandikia *chuis* na *t'as*?

Jibu: Hapana, dada. Tatizo la *t'as* si ufupi wake, ni *tu* iliyojificha ndani yake, na mteja ni *vous*. Andika *Bonjour, je suis au magasin, vous avez reçu le colis ?* *Rdv* kwa *rendez-vous* haina shida, hata maofisini wanaiandika. *Svp* kwa *s'il vous plaît* pia, maana ndani yake mna *vous*. Lakini *stp*, yaani *s'il te plaît*, ni ya rafiki, kwa kuwa t yake ni *te*.

Mwanachama, Kigoma: Kumbe. Nami nimeshamwandikia *stp* bosi wangu.

Jibu: Ujumbe unaofuata andika *svp* na uendelee na kazi. Usimtumie *dsl*.