Jibini lipi huyeyuka kwenye moto? Panir, halumi, feta na jibini la krimu

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaonunua jibini kwangu hapa Nakuru ni kama panir itavutika juu ya pitsa. Haitavutika, wala halumi na feta hazitavutika. Jibini la krimu hulegea na kutawanyika, lakini nalo halitoi nyuzi. Ukitaka nyuzi, nunua mozarela. Hizi nne zina kazi nyingine, na ukijua zinavyotengenezwa utajua kabla ya kuwasha jiko zitafanya nini kikaangoni.

Kinachoamua ni protini ya maziwa iitwayo kaseini na kalsiamu inayoishikanisha. Jibini lililogandishwa kwa reneti, kimeng'enya kinachogandisha maziwa, huyeyuka vizuri likiwa na uchachu wa wastani, pH karibu 5.2; pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu umezidi. Hapo kalsiamu ya kutosha imetoka, na protini zikipata joto huteleza na kupishana. Uchachu ukiwa mdogo, kalsiamu bado imezibana, kwa hiyo jibini hubaki na umbo lake. Ukizidi sana, asidi yenyewe imezikusanya protini, na joto huishia kukamua maji tu. Halumi iko upande wa kwanza, feta upande wa pili.

Panir

Chukua lita 5 za maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa krimu. Yapashe hadi nyuzi 90 za Selisiasi ukikoroga ili yasishike chini, kisha zima moto na uache yapoe kidogo hadi karibu nyuzi 80. Joto hilo hufanya protini za maji ya maziwa zijishike kwenye kaseini. Ndiyo maana panir haiyeyuki hata ikikaa kwenye mchuzi unaochemka.

Changanya maji ya limau au siki na maji kiasi hichohicho. Mimina kidogo kidogo ukikoroga taratibu. Lita 5 huhitaji takriban kikombe nusu hadi robo tatu ya limau, lakini usifuate kipimo, fuata rangi: maji yanayojitenga yakiwa ya kijani-manjano na ukiona chini yake, simama. Yakibaki meupe, ongeza kijiko kimoja, usubiri dakika moja. Ukimwaga asidi yote kwa pupa, au ukirudisha sufuria kwenye moto mkali baada ya kuganda, mabonge huwa magumu na ya mchangamchanga.

Chuja kwa kitambaa safi chepesi, suuza kwa maji baridi kuondoa uchachu, kisha kandamiza kwa uzito wa kilo 3 hivi kwa saa moja. Utapata karibu gramu 700, kutegemea mafuta ya maziwa yako. Panir ikivunjika ndani ya mchuzi, haijayeyuka: haikukandamizwa vya kutosha.

Halumi

Hapa nataka uchukue muda, kwa sababu kosa la halumi hutokea mapema na huonekana mwishoni.

Anza na maziwa ya leo asubuhi. Maziwa yaliyozungushwa kwenye pikipiki hadi saa saba mchana, hasa kwenye joto la Kisumu, huwa yameanza kuchachuka hata kama hayanuki. Halumi haiwekwi kimea chochote, yaani bakteria wa kuchachusha maziwa, maana tunataka uchachu ubaki chini kabisa. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji hayafai, kwani yalipashwa sana na reneti haiyagandishi sawasawa.

Pasha lita 5 hadi nyuzi 63 na uzishikilie hapo dakika 30, kwa ajili ya kuua vijidudu vya bruselosi na vinginevyo. Usizidishe, ukifika 90 kama kwenye panir, reneti itatoa uji tu. Poza kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi hadi nyuzi 34. Yeyusha reneti kwa kipimo cha chupa yako ndani ya robo kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina, koroga nusu dakika, funika, uache kwa dakika 45 bila kutikisa. Chomeka kisu kwa mshazari na uinue: pakipasuka kwa mstari safi na maji maangavu yakajaa, yako tayari. Kukiwa kama uji mzito, subiri dakika 10 zaidi.

Kata vipande vya sentimita 1, pumzisha dakika 5, kisha pandisha joto polepole hadi nyuzi 40 kwa dakika 20 ukikoroga kwa upole. Chota mabonge kwenye kitambaa, ukandamize kwa kilo 3 au 4 kwa saa moja, halafu kata mapande yenye unene wa sentimita 2 hadi 3. Usimwage yale maji yaliyochujika.

Yapashe hadi nyuzi 90. Povu jeupe litapanda. Lichote, ni jibini laini tamu la kula na mkate. Sasa tumbukiza mapande. Maelekezo mengi husema nyuzi 95, lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 94. Usingoje joto ambalo halitafika. Shikilia 90 hadi 92, karibu dakika 40, mpaka mapande yaelee. Wa Kisumu, kwenye karibu mita 1,130, mna nafasi kidogo zaidi.

Hapa ndipo maziwa ya mchana hujisema. Pande likilegea ndani ya maji ya moto na kuvutika ukiliinua kwa mwiko, uchachu ulikuwa umeingia. Linalika, ila halitakaangika likabaki mraba. Mapande mazuri hubaki imara na hulia kidogo kwenye meno. Yanyunyizie chumvi na mnanaa mkavu yakiwa bado moto, yakunje, kisha yahifadhi ndani ya maji ya chumvi: gramu 100 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa.

Feta na jibini la krimu

Feta halisi ya Ugiriki hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Umoja wa Ulaya umelinda jina hilo tangu 2002. Ya ng'ombe tuliyo nayo hapa hufuata njia ileile: kimea, reneti, mabonge yanayojichuja yenyewe bila uzito, kisha majuma kadhaa ndani ya maji ya chumvi. Uchachu wake hupanda hadi pH ishuke kufikia 4.6 hivi. Kwenye oveni kona zake hulainika, maji yanatoka kidogo, nalo huvunjika vipande.

Jibini la krimu ni rahisi kuliko yote. Pasha lita moja ya maziwa na nusu lita ya krimu hadi nyuzi 72, ushikilie dakika moja, poza hadi 24, changanya vijiko 3 vya mala ya kawaida yenye vijidudu hai, isiyo na sukari. Funika usiku kucha hadi igande kama mtindi, kisha ning'iniza kwenye kitambaa ndani ya friji hadi kesho yake, utie chumvi. Mafuta mengi na kukosa mshikano wa reneti ndivyo huliacha litiririke. Lakini kwenye moto mkali mafuta hujitenga na kubaki chembechembe. Ukilitia kwenye sukumawiki au mchuzi wa kuku, epua sufuria kwanza, tia kijiko kimoja kimoja, ukoroge hadi kipotee kabla ya kuongeza kingine.