Boga Halikai? Tazama Kikonyo Kwanza

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, mama mmoja wa Kisauni anayepika futari ya kuuza alinunua maboga 12 Kongowea kwa bei ya jumla. Aliyaweka stoo, juu ya sakafu ya saruji, mengine yakiwa yamepandana. Kumi la kwanza la mfungo halijaisha, matano yalikuwa yameshaoza. Aliponiita alikuwa tayari ana hasira na muuzaji. Nilimwomba asiyatupe kwanza, kwa sababu ukiligeuzageuza boga bovu utaona lilianzia wapi kuharibika.

Matatu yalikuwa yameoza chini, pale pale yalipogusa saruji. Mawili yaliozea kichwani, na yote mawili hayakuwa na kikonyo. Kwa hiyo muuzaji alikuwa na kosa kwa mawili tu.

Nianze na hicho kikonyo. Boga linapokatwa shambani linatakiwa libaki na kipande cha kikonyo chenye urefu wa vidole vitatu au vinne, kikauke na kuwa kigumu kama kuni. Kikonyo ndicho kizibo. Kikivunjika hadi kwenye nyama, panabaki kidonda ambacho ukungu unapita bila kubisha hodi. Ndiyo maana boga halibebwi kwa kikonyo hata siku moja, ingawa kinaonekana kama mpini: libebe kwa chini, kwa mikono miwili. Ukilikuta sokoni halina kikonyo, halina ubaya wa kupikwa leo au kesho, ila usilinunue la kuweka.

Kisha angalia kama limekomaa. Libonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama, ni changa na halitakaa. La kuweka huukataa ukucha, na ganda lake limefifia, halimetimeti. Lipindue utazame lilipolalia udongo: baka likiwa la manjano au rangi ya maziwa mazito, limekomaa, likiwa jeupe au la kijani, lilikatwa mapema. Butternati hukaguliwa vivyo hivyo, na ganda lake liwe na rangi moja ya kaki bila michirizi ya kijani. Mamumunye yanayoliwa machanga, yenye ngozi laini, hayamo katika habari hii. Hayo hununuliwa ya kupika.

Kuna hila moja ambayo wengi hawaioni. Nzi wa matunda hulidunga boga likiwa changa na kutaga mayai ndani. Nje panabaki kitundu kidogo, mara nyingi kikiwa na tone la utomvu lililoganda kama gundi, au kibonde kidogo kilichopindisha umbo la boga. Ndani mna funza. Tone la namna hiyo ukiliona, liache, hata kama bei imeshushwa.

Sasa tuje kwenye kuweka, na hapa Mombasa ina mambo yake. Boga lililotoka kukatwa linahitaji siku 10 hivi za joto la digrii 27 hadi 29 na hewa yenye unyevu kiasi, ili mikwaruzo ifunge kovu na ganda liwe gumu. Hali hiyo hapa tunayo bure: baraza yenye kivuli na upepo inatosha. Usiyaanike juani kutwa, jua la kaskazi hulibabua ganda. Basi kama unanunua moja kwa moja kwa mkulima wa Kwale au Kilifi, muulize yamekatwa lini, halafu hesabu siku zilizobaki.

Tatizo linakuja baada ya hapo. Likishafunga kovu, boga linataka ubaridi wa digrii 10 hadi 15 na pakavu, na huko ndiko linakokaa miezi mitatu au zaidi. Nyumba zetu hazina ubaridi huo. Katika joto letu boga linapumua kwa kasi, linakula sukari yake lenyewe, linapungua uzito, na nyama inaanza kuwa nyuzinyuzi. Friji nayo si dawa kwa boga zima, kwa kuwa chini ya digrii 10 ganda huingia vibonyeo, na ukilitoa linaoza upesi. Kwa hiyo mimi nawaambia watu wapange mwezi mmoja, au mmoja na nusu, wasiote zaidi ya hapo.

Mara ya pili yule mama alifanya hivi. Alinunua 12 tena, yote yenye vikonyo, akayapangusa kwa kitambaa kikavu bila kuyaosha. Yalikaa barazani siku 10, kisha akayahamishia ndani kwenye uchaga wa mbao ulioinuliwa juu ya matofali, kila moja peke yake, lisiguse mwenzake wala ukuta. Ndizi na maembe yaliyokuwa stoo aliyahamisha, maana matunda yanayoiva hutoa hewa inayolizeesha boga. Kila Ijumaa asubuhi aliyapindua na kuyabonyeza karibu na kikonyo na chini. Wiki ya nne moja lilibonyea kidogo kando. Alilikata siku hiyo hiyo, sehemu iliyolainika akaitupa pamoja na nyama ya pembeni yake, iliyobaki ikaingia kwenye nazi. Mengine 11 yalifika wiki ya sita. Angelichelewesha lile moja, majimaji yake yangeshuka kwenye uchaga na kuharibu ya jirani.

Kabla ya kulipika lolote, onja kipande kibichi kidogo sana. Likiwa chungu kama shubiri, litupe na mbegu zake. Uchungu huo ni sumu ya jamii ya maboga, na kupika hakuutoi.

Mbegu ndizo faida ya juu. Boga moja la wastani hutoa kama kikombe kimoja. Zitoe kwa mkono, zisugue ndani ya maji mpaka nyuzi ziachane nazo. Zilizojaa tope la nyama zitaungua kabla hazijaiva. Mbegu zilizoota ukungu au zilizochipua ndani ya boga lililokaa sana, usizikaange. Wala usiguse za pakiti ya dukani zilizopakwa rangi: hizo zina dawa, ni za kupanda tu.

Zichemshe dakika 10 katika lita moja ya maji yenye kijiko kikubwa cha chumvi. Chumvi ya kunyunyiza juu huishia kwenye ganda, ya kuchemsha huingia ndani. Zichuje, uzianike kwenye ungo siku nzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakaanga mbegu mbichi, ganda linapata rangi ya kahawia huku kiini bado ni laini. Siku za mvua zianike karibu na jiko, hata kama zitachukua siku mbili.

Kikaango kizito kiweke juu ya makaa yaliyofunikwa jivu, bila mafuta, ukoroge dakika 12 hadi 15. Zitaanza kualika, moja hapa, moja pale. Toa moja, iache ipoe, uitafune. Ikivunjika kwa mlio, ipua, ikipinda, endelea. Mwenye oveni azitandaze kwa digrii 150, nusu saa hivi, akizigeuza mara mbili. Wanaopenda ukali hunyunyizia pilipili ya unga na ndimu zikiwa bado za moto, kisha huzirudisha motoni dakika moja zikauke.

Zipoe kabisa kabla ya kuingia chupani, la sivyo mvuke utazilainisha. Chupa iwe na kifuniko kinachobana. Kwa joto letu zinabaki nzuri kama wiki mbili, kisha mafuta yake huanza kuchacha, nawe utaisikia harufu kama ya rangi ya mafuta ukifungua kifuniko.