Waifai inakatakata nyumbani: badilisha kitu kimoja, pima, andika

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ruta ya laini nyumbani, waifai inakatakata, naye ameshagusagusa mipangilio mpaka hajui tena alianzia wapi. Mfano nitakaotumia ni wa nyumba moja ya Ipuli, hapa Tabora, ya mwalimu wa sekondari anayesoma shahada ya pili kwa mtandao. Kila ikifika saa mbili usiku somo la video linaganda. Kabla sijaitwa, kijana wa jirani alishabadili APN, DNS, chaneli na mahali pa kuweka ruta, vyote jioni moja. Mambo yakatulia kidogo, kisha yakarudi palepale. Ukifanya hivyo huwezi kujua kilichosaidia ni kipi, wala kama kuna chochote kilichosaidia.

Hatua ya 1: Andika hali ilivyo sasa

Ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anuani yake utaipata kwenye kompyuta ya Windows kwa kufungua Command Prompt, kuandika `ipconfig` na kusoma mstari wa `Default Gateway`. Piga picha za kurasa zote za waifai na za mtandao kwa simu, kisha andika kwenye daftari mambo ambayo huenda ukayagusa: jina la waifai, chaneli, upana wa chaneli, APN.

Usibonyeze kile kitufe kidogo cha kurudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani. Najua mafundi wengi huanzia hapo. Kinabadilisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka kufanya, na kinaweza kufuta APN pamoja na nywila ambazo hakuna mtu nyumbani anayezikumbuka.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja

Mimi situmii zile tovuti za kupima kasi. Zinakula bando, na jibu linategemea seva uliyopewa dakika hiyo. Natumia ping, amri inayotuma vifurushi vidogo vya data na kuhesabu vinavyorudi: mia moja kwenda kwenye ruta yenyewe na mia moja kwenda nje:

```
ping -n 100 192.168.8.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza weka anuani ya ruta yako. Kila kipimo kinachukua kama dakika moja na nusu, na data kinachokula ni kidogo mno. Mwishoni soma namba iliyo mbele ya `Lost`, ambayo ndiyo idadi ya vifurushi vilivyopotea. Hiyo tu inatosha kwenye daftari.

Hatua ya 3: Pima bila kugusa kitu

Hapa watu huona wanapoteza muda. Lakini bila hatua hii namba zako za baadaye hazina cha kulinganishwa nacho.

Kwa Mwalimu tulipima kwenye meza yake ya kusomea, chumba cha nyuma, kuta mbili za matofali ya kuchoma kutoka kwenye ruta. Tulipima saa mbili, saa mbili na nusu na saa tatu usiku, kwa sababu ndiyo saa za tatizo. Kwenda kwenye ruta vilipotea 8, 12 na 9. Tukahamishia kompyuta sebuleni kando ya ruta na kurudia: kwenda kwenye ruta hakikupotea hata kimoja, kwenda nje kilipotea kimoja au hakuna.

Namba hizo zimeshatuambia mambo mawili. La kwanza, mnara na kampuni ya simu hawana kosa. Tatizo liko kati ya meza ile na ruta. Kwa hiyo APN na DNS tukaziacha bila hata kuzijaribu, na nusu ya orodha ikafutika. La pili ndilo hasa la kushika: bila kugusa chochote, namba inacheza kati ya 8 na 12. Ukibadilisha kitu ukapata 8, hujatengeneza kitu. Mabadiliko yanahesabika pale vipimo vyote vitatu vinapotoka nje ya mchezo huo.

Hatua ya 4: Badilisha kimoja, na uhakikishe kweli ni kimoja

Kwanza tuliangalia majirani wanatumia chaneli gani:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Windows 11 mpya inaweza kukudai uwashe `Location` kwanza, washa tu. Waifai nyingi za jirani zilikuwa kwenye chaneli 6, chache kwenye 11, na kwenye 1 kulikuwa na moja dhaifu. Ruta ya Mwalimu ilikuwa kwenye 9, na upana ulikuwa `40 MHz`. Yule kijana aliichagua 9 kwa kuwa hakuona mtu mwingine pale. Lakini kwenye 2.4 GHz chaneli zimeachana kwa MHz 5 tu, wakati waifai moja inachukua MHz 20 au zaidi. Aliye kwenye 9 anagongana na wa 6 na wa 11 kwa pamoja. Ndiyo maana tunatumia 1, 6 au 11 tu, ambazo hazipandiani.

Tukawa na vitu viwili vya kujaribu, chaneli na upana. Kishawishi ni kubadilisha vyote ukalale. Lakini hata ukigusa kimoja tu, kuna vingine vinavyoweza kubadilika kimyakimya nyuma yako, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kwanza ni kuwaka upya. Kila ukihifadhi chaneli mpya, ruta inazima waifai na kuiwasha. Umebadilisha chaneli, lakini pia umeiwasha upya, na huenda nafuu ikatokana na hilo la pili. Dawa yake ni kuwasha ruta upya bila kubadilisha lolote, kisha kupima. Tulipata 10, 8 na 11. Kuwasha upya kukatoka kwenye orodha.

Pili ni `Auto`. Chaneli ikiwa kwenye `Auto`, ruta inaweza kuhama yenyewe wakati unapima jambo jingine. Iondoe huko uweke namba, hata kama ni namba ileile inayotumika sasa.

Tatu ni ruta zenye 2.4 GHz na 5 GHz chini ya jina moja. Kompyuta inarukia upande inaoupenda, nawe unadhani chaneli yako mpya ndiyo imefanya kazi. Zipe majina mawili tofauti kabla ya kuanza vipimo vya hatua ya 3. Ukifanya katikati, rudi ukapime upya. Ili kuwa na uhakika uko wapi, kila kabla ya kupima andika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Soma `SSID`, `Channel` na `Signal`. Ikiwa umeweka 1 nayo bado inasema 9, mabadiliko hayajashika, na kipimo utakachopata ni cha hali ya zamani.

Nne si mipangilio ya ruta kabisa: kiti ulichokalia, mlango uliofungwa, mtoto anayepakua filamu chumba cha pili. Kompyuta ikae alama ileile mezani, na simu za wengine zizimwe waifai kwa dakika zile za kupima. Mwalimu aliwaambia watoto kwamba fundi kasema, na wakanichukia wiki nzima.

Tulikwenda badiliko moja kwa jioni, saa zilezile. Daftari lilikuwa hivi:

Chaneli 9, upana 40 (mwanzo): 8, 12, 9
Chaneli 9, upana 20: 7, 10, 9. Hakuna kitu, rudisha 40
Chaneli 1, upana 40: 4, 3, 5. Nafuu, ibaki

Kanuni ya kuandika ni hiyo. Kisichosaidia kinarudishwa kabla ya kugusa kingine. Kinachosaidia kinabaki, na namba zake zinakuwa mwanzo mpya. Usipokirudisha kisichosaidia, baada ya siku chache utakuwa na ruta yenye mabadiliko matano ambayo hujui yanafanya kazi gani.

Ila njia hii ina upungufu wake, na daftari hilo linauonyesha. Upana wa 20 tulishauona haufai. Lakini tuliujaribu kwenye chaneli 9, ambako tuligongana na majirani wa pande zote mbili hata baada ya kujipunguza. Kwenye chaneli 1 hali ni nyingine: upana wa 40 unaenea kutoka 1 hadi kuwafikia wale wa 6, na upana wa 20 haufiki huko. Mipangilio miwili inayotegemeana haiwezi kuhukumiwa kwa jaribio moja. Kwa hiyo kila unapopata mwanzo mpya, rudia mara moja yale uliyoyakataa, hasa yanayohusiana na ulichobadilisha. Tulirudia:

Chaneli 1, upana 20: 0, 1, 0

Hatua ya 5: Rudisha ugonjwa

Mwalimu hakuipenda hatua hii. "Fundi, si imeshapona? Unaichokonoa ya nini tena?"

Nikamwambia majirani nao wana usiku wao wa kupumzika, na huenda walikuwa wametoka. Jioni iliyofuata tukairudisha chaneli 9 peke yake, upana tukauacha 20. Vikapotea 9, 7 na 10. Tukaweka 1, ikarudi kwenye sifuri na moja. Tatizo likija na kuondoka kwa kufuata mkono wako, hapo ndipo unaweza kusema umelipata.

Hatua hii inafaa kwa tatizo linalotokea kila jioni. Kama yako inakatika mara moja tu kwa wiki, vipimo vitatu vya usiku mmoja havina maana. Baada ya kila badiliko subiri angalau mara tatu ya muda unaopita kati ya tatizo na tatizo. Kwa la kila wiki ni wiki tatu bila kugusa kingine. Ni muda mrefu, lakini wiki moja ya utulivu inaweza kutokea yenyewe tu.

Ikiwa kando ya ruta pia vinapotea

Ukipima kando ya ruta, kwenda kwenye ruta kukawa safi lakini kwenda nje vifurushi vikapotea, achana na chaneli. Tafuta `RSRP` kwenye ukurasa wa ruta. Ndiyo nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Ni namba hasi, na ikiwa -85 ni bora kuliko -110. Hamisha ruta dirisha moja baada ya jingine, iache dakika chache kila mahali, andika `RSRP` na ping ya kwenda nje. Laini na APN zisiguswe mpaka umalize madirisha. Ikiwa kila dirisha ni lilelile, na hali ni mbaya usiku tu huku `RSRP` haibadiliki, kuna uwezekano mkubwa mnara umejaa watu. Hapo jaribio moja linalobaki ni laini ya kampuni nyingine kwenye ruta hiyohiyo, dirisha lilelile, saa zilezile. Azima ya jirani kwanza kabla ya kununua, na hakikisha ruta yako haijafungwa kwa kampuni moja.